Ramani ya diski inayokufa

Mwenye studio ya picha anapompelekea fundi kompyuta iliyogoma kuwaka, ombi lake huwa fupi: "Fundi, niokolee picha tu, mengine sina haja nayo." Fundi anayeijua kazi yake humjibu kwa swali: "Mama, tangu ianze kusumbua umeiwasha mara ngapi?" Mteja huona kama anapotezewa muda, lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua picha ngapi zitapatikana. Diski ya sahani mara nyingi haifi ghafla. Huanza kushindwa kusoma mahali pamoja, halafu pengine, na kila inapolazimishwa kusoma pale palipoharibika hupunguza uhai uliobaki kwa ajili ya sehemu ambazo bado ni nzima.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Data imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, kwa kawaida baiti 512 kila kimoja. Sekta ikikataa kusomeka, diski haikubali kushindwa mara moja. Hurudia kuisoma tena na tena kwa sekunde kadhaa kabla ya kutoa jibu la kosa, kisha mfumo wa kompyuta nao unaweza kuiomba upya. Ndiyo maana ukijaribu kuhamisha folda la picha kwa njia ya kawaida, kazi husimama mahali fulani, diski ikawa inanguruma tu, na mwisho unapewa ujumbe kuwa faili halisomeki. Nusu saa imepita, kichwa kimesugua eneo bovu lilelile, na picha zilizokuwa mbele yake, ambazo huenda ni nzima kabisa, hazijaguswa.

Programu ya ddrescue iliandikwa ili kuugeuza mpangilio huo. Mwandishi wake ni Antonio Díaz Díaz, ilianza kutolewa mwaka 2004, na ni sehemu ya mradi wa GNU, kwa hiyo ni ya bure. Haijali faili wala folda. Inaichukua diski nzima kama mstari mmoja mrefu wa sekta na kuunakili kwenda diski nyingine, sekta ya kwanza ikikaa mahali pa kwanza, ya mwisho mahali pa mwisho. Inapokutana na kosa haing'ang'anii. Inaweka alama, inaruka mbele, na kuendelea kuchota palipo rahisi. Palipo pagumu patarudiwa baadaye, wakati kila kilichokuwa chepesi kimekwisha kufika salama upande wa pili.

Angalizo kwa anayetumia Linux ya familia ya Debian au Ubuntu: kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ingawa amri yenyewe ni ddrescue. Kuna programu nyingine yenye jina linalokaribiana, dd_rescue, ya mwandishi mwingine, na maelezo ya makala hii hayaihusu.

Sasa, programu iliyoruka mahali lazima ikumbuke iliporuka. Kumbukumbu hiyo huandikwa katika faili dogo la maandishi ambalo toleo za zamani ziliita logfile na za sasa huita mapfile. Hapa tuliite ramani. Watu wengi huiacha kwa sababu ddrescue hukubali kufanya kazi hata bila ramani, na hilo kwa maoni yangu ni kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii. Bila ramani, umeme ukikatika saa ya nne ya kunakili, programu haina namna ya kujua ilifika wapi. Itaanza kwenye sekta ya kwanza, na diski iliyokuwa inahema itasomeshwa upya kila ilichokwisha kukitoa.

Tuchukue diski ya kawaida ya kompyuta mpakato, ya gigabaiti 500. Fundi ameitoa kwenye kompyuta ya mteja na kuiunganisha kwenye mashine yake iliyowashwa kwa Linux. Ameweka pia diski mpya ya terabaiti moja, maana diski ya kupokea lazima iwe na ukubwa uleule au zaidi, na pembeni kuna flashi moja ya ramani. Kabla ya chochote anataka kujua nani ni nani:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
```

Orodha inayotokea inaonyesha jina ambalo mfumo umeipa kila diski, ukubwa wake, modeli na namba yake ya kiwandani. Fundi analinganisha namba hiyo na ile iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski, kwa macho yake mwenyewe. Tuseme mbovu imeitwa /dev/sdb na mpya /dev/sdc. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayofunguliwa ili kutazama mafaili. Ni flashi peke yake iliyofunguliwa, mahali paitwapo /mnt/flashi. Ndipo anapoandika:

```
sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/studio.map
```

Mpangilio wa majina hauna msamaha: kwanza diski ya kusomwa, pili ya kuandikwa, tatu ramani. Alama ya -f inairuhusu programu kuandika juu ya diski nzima, jambo ambalo bila ruhusa hiyo ingelikataa. Ukiyageuza majina mawili ya mwanzo, diski tupu itanakiliwa juu ya diski yenye picha za harusi za miaka kumi, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Alama ya -n inamwambia ddrescue asikwangue maeneo mabovu katika awamu hii. Kwa sasa tunataka vilivyo vyepesi.

Kioo kinajaa namba zinazobadilika kila sekunde. Ya kutazama ni chache. Mbele ya rescued ni kiasi kilichookolewa. Mbele ya non-tried ni kile ambacho hakijajaribiwa. Mbele ya read errors ni idadi ya makosa ya kusoma. Diski ikiwa bado na nguvu, kasi ya megabaiti 60 kwa sekunde si ya kushangaza, na kwa kasi hiyo saa moja inatosha kuchota zaidi ya gigabaiti 200.

Kisha umeme unakatika.

Ukiichukua flashi ile kwenye kompyuta yoyote na kuifungua ramani kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi, chini ya mistari michache ya maelezo utaona kitu cha namna hii:

```
# current_pos  current_status  current_pass
0x3200000000     ?               1
#      pos        size  status
0x0000000000  0x1900000000  +
0x1900000000  0x0000010000  *
0x1900010000  0x00004D0000  ?
0x19004E0000  0x18FFB20000  +
0x3200000000  0x4270C06000  ?
```

Namba hizo zimeandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, lakini si lazima uzipigie hesabu ili kuielewa habari. Mstari wa kwanza wa namba unasema programu ilikuwa wapi mara ya mwisho ramani ilipohifadhiwa, ilikuwa inafanya nini, na ilikuwa katika mzunguko wa ngapi. Mistari inayofuata inaigawa diski yote vipande vipande bila kuacha pengo: kipande kinaanzia wapi, kina urefu gani, hali yake ikoje. Alama ya kujumlisha maana yake kimekwisha okolewa. Alama ya kuuliza maana yake hakijajaribiwa. Nyota maana yake kilijaribiwa, kikashindikana, na kingo zake bado hazijapunguzwa, jambo nitakalolieleza punde.

Basi isome ramani hii kutoka juu. Gigabaiti 107 za mwanzo zimo salama. Baada yake kuna kipande cha kilobaiti 64 kilichokataa. Programu ikaruka karibu megabaiti 5 bila kuzigusa, kwa kuwa mahali palipoharibika mara nyingi huwa na majirani walioharibika pia. Ikatua mbele, ikakuta pazima, ikachota gigabaiti nyingine 107. Kutoka hapo hadi mwisho wa diski, gigabaiti 285, hakuna kilichoguswa. Habari yote hiyo imekaa katika mistari mitano. Hata diski iliyochakaa vibaya hutoa ramani ndogo sana ukilinganisha na data yenyewe, kwa hiyo flashi ya zamani inatosha.

Umeme ukirudi, fundi anaandika amri ileile, herufi kwa herufi, akiwa amehakikisha tena majina ya diski. Mstari mmoja kwenye kioo ndio wa kuusubiri:

```
Initial status (read from mapfile)
```

Chini yake itaonekana kuwa megabaiti 214743 zimekwisha okolewa. Usipouona mstari huo, bonyeza Ctrl+C papo hapo, kwa sababu programu haikuipata ramani yako na inaanza upya. Ukiuona, tulia. Kazi inaendelea kuanzia pale alama ya kuuliza ilipo, na sehemu zenye alama ya kujumlisha haziombwi tena kwenye diski mbovu.

Ramani huhifadhiwa yenyewe kila baada ya muda, kati ya sekunde 30 na dakika 5 kutegemea ukubwa wake, na pia pale unapoisimamisha programu kwa Ctrl+C. Kwa hiyo mashine ikizimika ghafla unachopoteza ni dakika chache za kazi, ambazo zitanakiliwa tena juu ya palepale bila madhara. Kusimamisha kwa hiari ni jambo la kawaida kabisa. Diski ikipata joto sana, au duka likifungwa jioni, bonyeza Ctrl+C, subiri programu imalize kuandika, zima. Kesho utaendelea.

Lakini ramani ina masharti yake, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. La kwanza ni mahali inapokaa. Mafundi wengi huiwasha mashine kwa Linux ya kwenye flashi, ile inayofanya kazi bila kuwekwa kwenye kompyuta. Katika hali hiyo, folda la nyumbani unaloliona huwa kwa kawaida liko kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukiihifadhi ramani humo, umeme ukikatika inatoweka pamoja nayo, wakati ulipoihitaji hasa. Wala isikae kwenye diski mbovu, kwa sababu hutaki kuandika chochote huko. Iweke kwenye kifaa cha tatu kilicho kizima, na mara mojamoja inakili mahali pengine, kwa kuwa flashi nazo huharibika.

Sharti la pili ni kwamba ramani moja ni ya jozi moja ya diski. Ndani yake hakuna kinachoilazimisha programu kuhakikisha kuwa diski uliyochomeka leo ni ile ya jana. Tuseme katikati ya kazi umeamua kutumia diski nyingine ya kupokea, ukaacha ramani ya zamani. Programu itaamini kuwa gigabaiti 214 za mwanzo zimo tayari, itaziruka, na utapata nakala yenye shimo kubwa mwanzoni bila ujumbe wowote wa kosa. Ukibadilisha diski ya kupokea, ama kwanza unakili yote yaliyokuwemo kwenda kwenye mpya, ama uanze na ramani mpya.

La tatu linatokana na tabia ya Linux. Majina kama /dev/sdb hutolewa kwa mpangilio wa diski zinavyoonekana, na baada ya kuzima na kuwasha yanaweza kubadilishana. Iliyokuwa sdb asubuhi yaweza kuwa sdc mchana. Ukirudia amri ya jana bila kutazama, umeyageuza majina bila kujua. Ndiyo maana amri ya lsblk hurudiwa kila mara mashine inapowashwa. Njia bora zaidi ni kutumia majina marefu yaliyo chini ya /dev/disk/by-id/, ambayo hubeba modeli na namba ya kiwandani na hayabadiliki. Kuna pia chaguo la --ask, linaloifanya programu iombe kibali chako kabla ya kuanza. Mimi naona kila anayefanya kazi hii alitumie.

Kuna hila moja ya diski inayokufa ambayo ramani huionyesha wazi. Wakati mwingine diski huzimia, yaani imechomekwa lakini haijibu chochote. Kioo kitaonyesha makosa yakipanda kwa kasi na rescued ikiwa imeganda. Programu inaweza kuanza kuyaandika maeneo mazima kuwa yameshindikana, kumbe si sekta zilizoharibika, ni diski yote iliyolala. Simamisha, chomoa diski, iache ipoe, ichomeke tena. Ukiendelea na ramani hiyo kama ilivyo, maeneo hayo yatashughulikiwa kama mabovu, polepole sana. Chaguo la --try-again linairudisha alama ya kuuliza kwenye maeneo yaliyoshindikana lakini hayajachunguzwa sekta kwa sekta, ili yasomwe kwa kasi ya kawaida.

Turudi kwenye diski ya studio. Mzunguko wa kwanza umefika mwisho, na wa pili umerudi kinyumenyume kuokota zile megabaiti 5 zilizorukwa. Mizunguko ya kunakili inaweza kufika mitano. Tuseme zote zimepatikana. Kilichobaki ni kile kipande cha kilobaiti 64, yaani sekta 128. Sasa ndipo kingo hupunguzwa: programu inasoma sekta mojamoja kutoka mwanzo wa kipande hadi inapogonga mbovu, kisha kutoka mwisho kurudi nyuma hadi inapogonga mbovu nyingine. Kwa mfano wetu, sekta 40 za mbele zimesomeka na 56 za nyuma zimesomeka. Zimebaki 32 katikati, na mbili za pembeni zimethibitika kuwa mbovu. Kwenye ramani, hizo mbili zina alama ya kutoa, na 30 zilizo kati yao zina mkwaju, maana yake bado hazijakwanguliwa.

Hapo fundi anatazama alichonacho. Kila kitu isipokuwa kilobaiti 16 kimo kwenye diski mpya. Mteja akisema inatosha, inatosha. Akitaka zaidi, na diski ikiwa bado inapumua, amri ya pili hutumia ramani ileile:

```
sudo ddrescue -d -f -r3 /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/studio.map
```

Alama ya -n imeondoka, kwa hiyo kukwangua kunaruhusiwa: sekta 30 za katikati zitasomwa mojamoja. Alama ya -d inaiambia Linux isome moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kupitia hifadhi yake ya muda, ili ombi la sekta moja libaki la sekta moja. Na -r3 inaamuru zile zitakazokataa zirudiwe mizunguko mitatu. Tuseme 16 zimetoka na 14 zimekataa. Jumlisha mbili za pembeni, unapata sekta 16, baiti 8,192, zilizopotea kutoka kwenye gigabaiti 500. Zikiwa zimeangukia sehemu isiyotumika, hakuna atakayejua. Zikiwa ndani ya picha moja, picha hiyo huenda ikafunguka ikiwa na mstari wa kijivu chini. Zikiwa kwenye orodha kuu ya mafaili, kazi ya kutafuta majina ya mafaili inaongezeka, lakini hiyo inafanyika kwenye nakala.

Kwenye nakala, narudia. Programu za kurekebisha mfumo wa mafaili, kama fsck ya Linux au chkdsk ya Windows, hazipaswi kuiona diski mbovu kabisa. Hizo huandika, hufuta na kuhamisha zikidhani diski iliyo chini yao ni nzima. Zitumie kwenye diski mpya baada ya kunakili kwisha, na zikiharibu, ramani na diski ya zamani bado zipo.

Ipo mipaka ambayo ramani haiivuki. Diski inayotoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, ina tatizo la kichwa au mkono wake, na kila dakika inayozunguka inaweza kuikwaruza sahani. Hiyo haihitaji programu. Inahitaji kuzimwa na kupelekwa kwa wenye chumba kisicho na vumbi na vipuri vya kubadilisha, kama data ina thamani ya gharama hiyo. Diski zisizo na sahani, zile za SSD, nazo mara nyingi hufa kwa kutoweka kabisa kwenye orodha ya lsblk. Kisichoonekana hapo ddrescue hana pa kuanzia.

Mteja akija kuchukua diski yake mpya, afungue mafaili mbele yako, ya mwanzo, ya katikati na ya karibuni, asiridhike na kuona majina tu. Diski ya zamani usiiandikie kitu wala usiitupe mpaka aseme ameridhika, na uitunze pamoja na ramani yake. Zikiwepo zote mbili pamoja na nakala, jaribio jingine mwezi ujao litagusa sekta 16 tu.